Jumla Inayobaki Nyuma: Kujumlisha Safu Ndani ya Jedwali la Word

Katibu wa kamati akimaliza kupanga matumizi kwenye jedwali la Word, mara nyingi hutoa simu, akafungua kikotoo, akajumlisha, kisha akaandika jibu chini ya safu. Kazi hiyo Word huifanya yenyewe. Ila ina tabia moja ambayo lazima uijue kabla ya kuiamini na fedha za watu.

Tuchukue taarifa ya mkutano mkuu wa kikundi. Jedwali lina safu mbili. Mstari wa juu ni wa vichwa: Matumizi na Kiasi. Chini yake kuna turubai na viti 180,000, chakula 425,000, maji ya kunywa 64,500 na usafiri wa mgeni rasmi 90,000. Mstari wa mwisho umeandikwa Jumla, na kisanduku chake cha kulia kiko wazi.

Bofya ndani ya kisanduku hicho. Juu ya ukurasa vitatokea vichupo viwili vya jedwali. Chagua Layout, kile kilicho karibu na Table Design, maana kuna Layout nyingine ya kupanga kurasa. Upande wa kulia kabisa utaona Formula. Ukiibofya, dirisha dogo litafunguka, na kwa kawaida Word itakuwa imeshakuandikia:

```
=SUM(ABOVE)
```

Maana yake ni kwamba ijumlishe namba zilizo juu ya kisanduku hiki. Kwenye Number format chagua `#,##0` ili maelfu yatenganishwe kwa mkato, kisha bonyeza OK. Utapata 759,500.

Sasa mweka hazina anakuja na risiti: chakula kiligharimu 465,000. Unafuta, unaandika upya. Jumla inabaki 759,500 ilhali inapaswa kuwa 799,500. Hapa ndipo waliozoea Excel hunaswa, kwa kuwa huko jumla hubadilika papo hapo. Word haifuatilii jedwali unapoandika. Ilikokotoa siku ulipoiagiza, ikahifadhi jibu. Bofya juu ya jumla na ubonyeze F9, nayo itakokotoa upya. Kwenye baadhi ya kompyuta za mkononi itabidi ushikilie Fn pamoja nayo. Kama waraka una majedwali mengi, bonyeza Ctrl+A kuchagua kila kitu, kisha F9. Ningeshauri pia uingie File, Options, Display na uweke alama kwenye Update fields before printing, ili karatasi isitoke na jumla ya zamani.

Kosa la pili hutokana na neno ABOVE lenyewe. Tuseme kichwa cha safu si Kiasi bali ni mwaka, 2025. Kwa Word hiyo nayo ni namba iliyo juu, kwa hiyo inaweza kuiongeza, na 799,500 ikawa 801,525. Ziada ikilingana na mwaka, umeshajua ilikotoka. Kisanduku kitupu nacho huleta shida ya kinyume: hesabu inaweza kuishia hapo bila kufika juu. Kama maji yalitolewa bure, usiache pengo, andika 0.

Vilevile, ile desturi yetu ya kuandika 90,000/= iache nje ya visanduku. Ndani ya fomula, mkwaju ni alama ya kugawanya, na = nayo ina kazi yake. Andika TSh mara moja kwenye kichwa cha safu, visanduku vibaki na namba tupu.

Usipotaka kutegemea ABOVE, taja visanduku kwa majina. Safu huhesabiwa kwa herufi kuanzia kushoto, mistari kwa namba kuanzia juu, kwa hiyo matumizi yetu yako B2 hadi B5:

```
=SUM(B2:B5)
```

Mwaka ulio kwenye kichwa hauingii tena. Lakini ukiongeza mstari wa tano wa matumizi, Word haitabadilisha B5 kuwa B6, utairekebisha mwenyewe. Ndiyo maana kwa orodha ambayo bado inakua naona ABOVE inafaa zaidi, mradi kichwa kiwe cha maneno na pasiwe na kisanduku kitupu.

Ukipokea taarifa ya mtu mwingine, bonyeza Alt+F9. Penye fomula utaiona imeandikwa ndani ya mabano. Penye namba iliyochapwa tu hakutabadilika kitu, na hiyo itabidi uihakiki kwa kikotoo. Bonyeza tena Alt+F9 kurudisha majibu. Taarifa ikishapitishwa na kikao, hifadhi nakala yenye fomula, kisha kwenye ile ya kusaini chagua jumla na ubonyeze Ctrl+Shift+F9: inageuka maandishi ya kawaida, na F9 ya mtu yeyote haitaigusa tena.