Trei Mpya Ikae Chini

Katika maduka mengi ya mtaani Dar es Salaam, mayai hukaa kwenye trei zilizopandana pembeni mwa kaunta, au kwenye rafu iliyo karibu na mkono wa muuzaji. Trei moja hubeba mayai 30. Msambazaji akishusha mzigo mpya, mwenye duka huupandisha juu ya uliobaki, kwa kuwa ndiyo njia ya haraka. Mteja akifika na kusema, "Mangi, nipe mayai mawili," mkono unakwenda trei ya juu. Mayai ya leo yanatoka na ya wiki iliyopita yanabaki chini.

Hasara yake haionekani upesi, maana yai huzeeka kwa ndani. Ganda lina maelfu ya vitundu vidogo, na kila siku maji na hewa ya ukaa hupenya humo na kutoka. Ute mzito unaoshikilia kiini hulegea ukawa kama maji, na ngozi nyembamba ya kiini hudhoofika. Ndiyo sababu yai la zamani, ukilipasua kwenye kikaango, hutawanyika na kiini chake hupasuka chenyewe. Joto huharakisha hayo yote. Kuanzia Desemba hadi Machi, mchana wa Dar es Salaam huvuka nyuzi 30, na rafu ya juu kabisa, iliyo chini ya bati, huwa na joto zaidi ya hapo. Yai lililokaa siku moja mahali kama hapo huchakaa kuliko lililokaa siku kadhaa kwenye friji.

Tuchukue duka linalouza mayai 20 kwa siku na kupokea trei tano kila Jumamosi. Hayo ni mayai 150. Kwa wiki yanauzwa 140, yanabaki kumi. Jumamosi ya pili trei tano mpya zinawekwa juu yake, zinauzwa 140 tena, na sasa chini kuna mayai 20: kumi ya wiki mbili na kumi ya wiki moja. Jumamosi ya tatu inapokwisha wiki yake, yamefika 30, yaani trei nzima. Theluthi yake imemaliza siku 21 dukani, bila kuhesabu siku yalizokaa bandani na njiani. Hakuna aliyekosea hesabu wala aliyezembea. Mpangilio tu ndio uliyoficha.

Sasa duka lilelile ligeuze mpangilio. Jumamosi ya pili yale mayai kumi yanawekwa juu, trei mpya zinakaa chini yake. Kumi hayo yanakwisha Jumapili kabla ya jioni, ndipo trei mpya inaguswa. Mabaki ya wiki inayofuata ni 20, lakini yote ni ya mzigo mmoja, nayo yanakwisha kwa siku moja. Kwa mpangilio huu hakuna yai linalokaa dukani zaidi ya siku tisa hivi. Idadi iliyonunuliwa ni ileile na iliyouzwa ni ileile. Kilichobadilika ni nani anatangulia.

Kwa hiyo kazi yenyewe hufanyika mara moja kwa wiki, dakika ile mzigo unapofika. Ondoa kwanza trei za zamani uziweke kando. Panga mpya chini, au nyuma kabisa kama rafu ni fupi na trei zimekaa moja mbele ya nyingine. Kisha rudisha za zamani juu, au mbele. Ukisema utazigeuza baadaye, wateja watakuwa wameshaanza kuchukua za juu.

Kila trei iandikwe tarehe ubavuni, upande unaomtazama muuzaji. Tatizo ni kwamba trei za karatasi hutumika tena na tena, na yenye tarehe ya mwezi uliopita inaweza kurudi na mayai ya jana. Futa ya zamani kwa mstari kabla ya kuandika mpya. Tarehe bora ni ya kuokotwa kwa mayai, si ya kupokelewa, kwa hiyo msambazaji aulizwe: "Haya yameokotwa lini?" Ikiwa mzigo wa leo ulikaa siku sita bandani, huenda ni mzee kuliko trei uliyonayo tayari, na hapo wenyewe ndio utatangulia.

Utaratibu huharibika kwa njia mbili hasa. Ya kwanza ni kujazia. Trei ya mbele imebaki na mayai manane, inaonekana tupu, na msaidizi anachukua mapya kuziba nafasi ili ipendeze. Kuanzia hapo tarehe ya ubavuni haina maana, na yale manane yanaweza kukwepa mkono wiki nzima. Trei iliyoanzwa iachwe iishe. Kama inapoteza nafasi, yale manane yahamishiwe kwenye bakuli mbele ya kaunta yauzwe kwanza.

Ya pili ni mteja wa trei nzima. Muuza chipsi anakuja asubuhi anataka 30, trei ya juu imeshaanzwa, na muuzaji anampa iliyojaa kutoka chini kabisa, yaani mpya kuliko zote. Apewe trei kamili yenye tarehe ya zamani zaidi. Muuza chipsi huyamaliza mayai yake siku hiyohiyo, kwa hiyo yai la siku sita halimletei shida, wakati mteja wa mayai mawili huenda akayaweka nyumbani siku nne zaidi.

Ukitilia shaka trei fulani, zima taa na ubandike tochi ya simu kwenye upande mpana wa yai. Utaona nafasi ya hewa. Kwenye yai jipya ni ndogo kama kucha, na hupanuka kadiri maji yanavyopungua. Njia nyingine ni bakuli la maji: yai jipya hulala chini, lililozeeka husimama, na linaloelea halifai kuuzwa. Jaribu moja au mawili tu, uyale nyumbani yakiwa mazima, wala usiyarudishe kwenye trei. Ganda likilowa hupoteza utando wake wa kinga, na unyevu huvuta vijidudu kwenye vitundu.

Mayai ya kienyeji yahitaji foleni yake. Kuku wa kisasa wa mayai hufugwa bila jogoo, ilhali yai la kienyeji mara nyingi lina mbegu, na katika joto letu kijusi huweza kuanza kukua hapo hapo rafuni. Mteja akilipasua hukuta mishipa ya damu. Hayo yanunuliwe machache na yauzwe kwa siku chache.

Yai viza moja lina gharama yake. Tuseme trei inanunuliwa shilingi 9,000 na yai linauzwa 400. Kila yai limegharimu 300 na faida ni 100, kwa hiyo kuoza kwa moja kunameza faida ya mayai matatu. Likipasuka kwenye trei ya juu, uchafu wake unashukia yaliyo chini.

Hata hivyo, kupanga vizuri hakutibu kununua kupita kiasi. Katika duka letu la mfano mabaki yalipanda kutoka 10 hadi 20 hadi 30, hata kwa mpangilio sahihi. Tofauti ni kwamba sasa mabaki ni ya mzigo mmoja na yanahesabika kwa kutazama. Jumamosi yakifika 30, mwenye duka achukue trei nne badala ya tano. Wiki hiyo atakuwa na mayai 150, auze 140, na abaki na kumi.