Kabichi Inayolala Mchana na Kuamka Usiku

Picha ya kwanza ambayo mkulima hunitumia karibu kila mara ni ya majani. Kabichi imelegea, majani ya nje yamelala juu ya udongo, na chini ya picha kuna swali moja tu: imeshikwa na nini? Kwa picha hiyo peke yake siwezi kujibu. Kabichi hulegea kwa ukame, hulegea ikitafunwa shina na sota, na hulegea ikioza kwa ndani. Kabla ya kusema lolote huuliza mambo mawili: picha ilipigwa saa ngapi, na je, kuna aliyeuchimba mmea akatazama mizizi?

Nichukue mfano wa shamba moja la Kinangop, nyanda za juu za Kenya, ambako kabichi hulimwa kwa wingi na udongo wa sehemu nyingi hutuamisha maji. Mwenye shamba, mama aliyezoea kilimo cha mboga, alituma picha ya kabichi zenye wiki saba tangu kuhamishwa kutoka kitaluni. Ilikuwa saa saba unusu mchana, jua kali. Mimea kama kumi na miwili upande wa chini wa shamba ilikuwa imelegea kabisa, na ile ya upande wa juu imesimama. Kilichonivutia ni udongo uliokuwa chini ya majani yale: mweusi, umeshikana, bado una unyevu wa mvua ya juzi yake. Mmea unaonyauka kwenye udongo mkavu una kiu. Ukinyauka kwenye udongo wenye maji, shaka yangu huenda kwenye mizizi.

Nikamwomba apige picha ya mimea ileile kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijapanda. Akaleta. Kabichi zote zilikuwa zimeinuka. Usingejua kuna tatizo, isipokuwa ukizilinganisha na za upande wa juu: zilikuwa ndogo, rangi yake imefifia kuelekea samawati, na majani mawili matatu ya chini yameanza kuwa manjano. Hizo picha mbili za mmea mmoja, moja ya mchana na moja ya alfajiri, zina thamani kuliko picha ishirini zilizopigwa saa ile ile.

Sababu ya mtindo huo wa kulala na kuamka ni hesabu ya maji. Mchana majani hupoteza maji mengi kwa jua na upepo, na mizizi hupaswa kuyafidia papo hapo. Mizizi iliyovimba haiwezi. Ile midogo laini inayonyonya maji imepungua, na mirija ya kupandisha maji ndani ya mzizi imepindwapindwa na tishu zilizokua ovyo. Jua likizama, majani hupunguza matumizi, na mizizi hiyo dhaifu hupata saa za kutosha kujaza pengo. Asubuhi mmea umesimama. Baada ya siku kadhaa pengo huwa kubwa mno, na kabichi hubaki imelala hata alfajiri. Ukianza kuchunguza wakati huo umechelewa kidogo, maana mizizi nayo imeshaanza kuoza.

Basi ikaja zamu ya picha ya mizizi, na hapa ndipo wengi hukosea. Mama alishika kabichi kwa shingo akaing'oa. Kilichotoka ni kipande cha shina na mzizi mkuu uliofunikwa tope. Mizizi ya pembeni, yenye ushahidi wote, ilikatika ikabaki ardhini. Nikamweleza achague mmea unaolegea mchana lakini ungali hai, achimbe kwa jembe uma umbali wa shibiri moja kuuzunguka, auinue pamoja na bonge la udongo, halafu auloweke kwenye beseni na kutingisha taratibu hadi tope litoke. Iwe beseni, wala si mtoni wala kwenye mfereji, kwa maana nitakayoieleza. Pia nilimwomba achimbe kabichi moja nzima ya upande wa juu, azilaze zote mbili juu ya gunia, kalamu ikiwa kando ili nijue ukubwa.

Picha hiyo ilimaliza mjadala. Kabichi nzima ilikuwa na mzizi mkuu mwembamba na kichaka cha mizizi myembamba myeupe iliyosambaa pande zote. Yule mgonjwa alikuwa na kitu kinachofanana na tunguu la tangawizi: mzizi mkuu umenenepa kuliko kidole gumba, na mizizi ya pembeni imevimba katikati na kuchongoka ncha zote mbili, mingine imeungana. Michanga ilikuwa na ngozi laini nyeupe. Mikubwa zaidi ilikuwa imepasuka na kuanza kuwa kahawia. Kile kichaka cha mizizi myembamba hakikuwepo karibu kabisa.

Huo ndio ugonjwa wa uvimbe wa mizizi ya kabichi. Unasababishwa na kiumbe kidogo mno cha udongoni kilichohesabiwa zamani miongoni mwa kuvu, ingawa si kuvu. Mrusi Mikhail Woronin ndiye aliyekitambua, baada ya ugonjwa huo kuharibu kabichi za wakulima wa Sankt Peterburg, na akachapisha maelezo yake mwaka 1878. Spora zake hukaa udongoni zikisubiri. Mzizi wa kabichi ukipita karibu na udongo ukiwa na maji, huamka, huogelea kwenye unyevu huo na kuingia kupitia vinyweleo vya mzizi. Kikishaingia ndani, kiumbe hicho huvuruga homoni za mmea, seli zikaanza kugawanyika na kutanuka bila mpango. Kwa kawaida uvimbe huonekana kwa macho wiki tatu hadi sita baada ya maambukizi.

Anayetazama picha ya namna hii lazima ajiulize swali moja zaidi kabla ya kutoa jibu: je, hii si minyoo fundo? Nayo hutoa vifundo mizizini, nayo hunyausha mmea mchana, na huingia kabichi vilevile. Tofauti ipo kwenye umbo. Minyoo fundo huacha vifundo vidogo vya mviringo vilivyofuatana kwenye mizizi myembamba, na baina ya kifundo na kifundo mzizi unaonekana bado. Uvimbe wa kabichi humeza mzizi mzima. Nilimwomba mama apasue uvimbe mmoja mchanga kwa kisu kwa urefu na kuupiga picha kwa karibu. Ndani palikuwa pagumu, peupe, na mabaka hafifu. Uvimbe wa minyoo ukipasuliwa vizuri huweza kuonyesha vijidoa vyeupe vinavyong'aa, ambavyo ni minyoo majike, ingawa kwa kamera ya simu si rahisi kuviona. Ushahidi ulio rahisi zaidi uko kwa mimea jirani. Minyoo fundo haichagui sana: hushambulia nyanya, maharagwe na karoti pia. Uvimbe wa kabichi hukaa ndani ya ukoo wake, yaani kabichi, sukuma wiki, kanzira, chainizi, brokoli, koliflawa, figili na haradali. Spinachi ya sokoni, ingawa huuzwa fungu moja na sukuma, haimo katika ukoo huo. Karoti za mama huyo, zilizopandwa mstari wa pili kutoka kwenye kabichi zilizolegea, zilikuwa zimenyooka bila kifundo hata kimoja.

Picha ina mipaka yake, na mwenye kuisoma hana budi kuisema. Mzizi uliooza ukawa uji wa kahawia wenye harufu hauniambii tena ulianza na nini, kwa sababu bakteria wa kuozesha huingia kwenye kila jeraha. Mche wa wiki mbili unaweza kuwa umeambukizwa bila uvimbe wowote wa kuonekana. Na hata picha nzuri kabisa hainielezi udongo una tindikali kiasi gani, wala ugonjwa umeenea hadi wapi. Kwa hayo ya mwisho huomba picha nyingine, ya shamba zima kutoka mahali palipoinuka. Katika shamba hili doa la ugonjwa lilikuwa pembeni pa lango la chini, hapo trekta la kukodi linapoingilia, na ndipo maji ya mvua hujikusanya. Tope la magurudumu kutoka shamba la mwingine linatosha kabisa kuleta spora, na maji yaliyotuama huzifaa.

Sasa ile sababu ya beseni. Uvimbe mmoja una mamilioni ya spora, na ukioza huzimwaga zote udongoni. Watafiti wamezipata zikiwa bado na uwezo wa kuambukiza baada ya miaka 17 hivi, japo idadi yake hupungua nusu kila baada ya miaka mitatu hadi minne. Ukiosha mizizi mtoni, umempelekea jirani wa chini. Ukilisha ng'ombe, spora hupita tumboni zikiwa hai na kurudi shambani na samadi. Mama alichimba mimea yote iliyolegea pamoja na udongo ulioshikana nayo, akaianika kwenye bati na kuichoma. Maji ya beseni akayamwaga kwenye shimo refu nje ya shamba.

Kipimo cha udongo wake kilitoa pH 5.3, ambayo ni tindikali, na haikunishangaza kwa shamba lililopandiwa kwa DAP msimu baada ya msimu. Spora huambukiza kwa urahisi zaidi katika udongo wa namna hiyo. Chokaa ya kilimo ikipandisha pH hadi 7.2 hivi, maambukizi hupungua sana, ingawa chokaa haiui spora zilizopo. Kiasi cha chokaa hutegemea kipimo na aina ya udongo, kwa hiyo simpi mtu idadi ya magunia kwa kutazama picha. Kulikuwa na tatizo jingine: mama alipanga kupanda viazi baada ya kabichi, na viazi kwenye udongo uliotiwa chokaa nyingi hupata ugonjwa wa ukoko. Tulikubaliana viazi vitangulie bila chokaa, vifuatwe na vitunguu na njegere, haradali mwitu zing'olewe kila zinapochipua, na chokaa ichanganywe na udongo katika msimu utakaotangulia kabichi kurudi, miaka kadhaa baadaye. Upande wa juu, ulio mzima, utaendelea na kabichi kwa zamu, na jembe litaoshwa kila linapotoka chini.

Lililobaki ni miche. Mbegu yenyewe haibebi ugonjwa ndani yake, bali udongo wa kitalu unaweza, na mche wa kununua huja na udongo huo mizizini. Kabla hujalipa, omba kutoa miche mitano kutoka sehemu tofauti za kitalu, uisuuze kwenye kikombe cha maji na kuitazama dhidi ya mwanga. Kwenye mche wa wiki tano uvimbe unaweza kuwa mdogo kama punje ya mtama, mara nyingi pale mzizi wa pembeni unapoungana na ule mkuu. Ukiuona kwa mmoja tu, kiache kitalu chote.