Kontra ya kurasa 14 ndani ya simu: namna tulivyoitafsiri bila kupoteza kitu



Mwanzoni mwa msimu wa kahawa, koperative moja ya upande wa Kalehe, kando ya Ziwa Kivu, ilituletea simu ya sekretere wao. Ndani mulikuwa picha 15 za kontra ya kuuza kahawa parche. Kontra iliandikwa Kifaransa, na mnunuzi alitaka sahihi baada ya siku sita. Wanamemba walikuwa wameshaambiwa: "Mutalipwa ndani ya siku 30." Kwetu waliomba kitu kimoja tu: tuigeuze katika Kiswahili, isomwe mbele ya mkutano mkuu.

Tulipomaliza kazi, zile siku 30 zilikuwa zimegeuka 75, na pengine zaidi. Hakuna aliyedanganya. Shida ilitoka katika picha.

Kupanga kurasa kwanza

Picha zinazofika kwa WhatsApp zinapewa majina kama IMG-20240312-WA0007. Namba ya mwisho inafuata namna picha zilivyoingia katika simu. Haijui ukurasa. Kama reseau iko mbaya, ukurasa wa 7 unaweza kufika nyuma ya ukurasa wa 11, na ndivyo ilivyotokea.

Kwa hiyo hatukutafsiri hata neno moja siku ile ya kwanza. Tulichukua daftari, na kwa kila picha tukaandika jina la picha, namba ya ukurasa iliyo chini, namba ya kifungu cha kwanza na cha mwisho, neno la kwanza na neno la mwisho. Kazi ile ilichukua karibu saa moja. Ikaonyesha mambo matatu: ukurasa wa 4 ulipigwa picha mara mbili, karatasi moja haikuwa na namba, kumbe ni aneksi ya bei, na ukurasa wa 9 haukuwamo kabisa. Picha zilikuwa 15, kontra na aneksi yake pia ni karatasi 15. Aliyehesabu tu angesema zote ziko.

Tulihakikisha kwa vifungu. Ukurasa wa 8 unaishia katika 9.1, na ukurasa wa 10 unaanza na 10.1. Basi 9.2 na vyote vinavyofuata katika artikle 9 vilikuwa wapi? Tuliomba ukurasa ule upigwe picha tena, mchana, karatasi ikiwa imelazwa juu ya meza, na utumwe kama faili, si kama picha ya kawaida, juu WhatsApp inapunguza picha na alama ndogo zinafifia. Katika Kifaransa, 1,5 ikipoteza mkato wake inasomeka 15. Namba isiyosomeka vizuri hatuikisii. Tunaacha nafasi, tunaomba picha nyingine.

Sentensi iliyokatwa na ukurasa

Sasa tuone zile siku 30. Chini kabisa ya ukurasa wa 6, kifungu 7.2 kinasema: "Salio la bei litalipwa ndani ya siku 30". Sekretere alisoma hapo, akaona ni wazi. Lakini mwisho wa mstari ule hapakuwa na nukta. Na ukurasa wa 7 unaanza na herufi ndogo, bila namba ya kifungu: "kuanzia siku ambayo Mnunuzi amekubali ubora wa kahawa kwa maandishi, kufuatana na artikle 9.3."

Hizo ndizo alama za kutafuta: mstari wa mwisho usio na nukta, na ukurasa unaoanza na herufi ndogo. Ukiziona, sentensi haijaisha. Sisi tunatafsiri kifungu kizima, si ukurasa. Tunaunganisha sentensi, tunaiandika mara moja katika Kiswahili, na pale ukurasa ulipokatika tunaweka alama ndogo [uk. 7]. Namba za kurasa na jina la kampuni lililo juu ya kila karatasi hatuziingizi katikati ya sentensi.

Namba za vifungu hatuzigusi. 7.2 inabaki 7.2 hata katika Kiswahili. Tena kila neno kubwa la kontra linapata neno moja tu mpaka mwisho. Tukisema "kukabidhi" katika artikle 4, hatusemi "kuleta" katika artikle 8. Mtu angefikiri ni mambo mawili.

Kufuata kifungu kinapokutuma

Kifungu 7.2 kilitutuma kwenye 9.3. Hapo tuko na desturi: tafsiri ikiisha, tunarudi mwanzo na kuandika pembeni kila mahali kontra inaposema "kufuatana na", "isipokuwa", au "licha ya". Tunaandika kifungu kinachotuma, kinachotumwa, na kama hicho cha pili kipo kweli.

Ukurasa wa 9 ulipofika, tukasoma 9.3: Mnunuzi iko na siku 45, kuanzia siku kahawa imefika katika depo yake, kwa kujibu kama ubora ni mzuri. Fanya hesabu: 45 za kungoja jibu, halafu 30 za kungoja malipo. Ni 75. Na kama mnunuzi hajibu? Tulitafuta katika kontra nzima, hakuna kifungu kilichosema kitu. Maana yake siku 30 zinaweza kukosa kuanza kabisa.

Mahali pengine palitusumbua. Kifungu 11.2 kinataja makato ya unyevu "yaliyosemwa katika 6.4". Lakini artikle 6 inaishia 6.3, na ukurasa ule ulikuwa mzima. Hapa mtafsiri anajaribiwa kusahihisha, juu 6.3 ndiyo inasema habari ya unyevu. Hatukusahihisha. Tuliandika "6.4" kama ilivyo, na chini maelezo yetu: "Kifungu hiki hakipo katika kontra. Muulize mnunuzi." Kazi yetu ni kuonyesha kosa, kulitengeneza ni kazi ya wale wanaotia sahihi.

Siku ya mkutano

Tulisoma 7.2, na hapo hapo 9.3, pamoja. Mama mmoja akasimama: "Baba Prezida, mimi nimekopa karo ya watoto kwa siku 30. Zile siku zingine nitazilipa na nini?" Komite ikarudi kwa mnunuzi na maombi matatu, kila moja na namba yake ya kifungu na ukurasa. Mnunuzi alieleza kwamba kifungu kimoja kiliondolewa katika kontra ya zamani, na 11.2 haikubadilishwa, ikaandikwa 6.3. Katika 9.3 walielewana siku 20, na kwamba kunyamaza baada ya siku hizo ni kukubali. Malipo sasa ni siku 50 kwa wingi. Si 30, lakini kila mtu anajua.

Kurasa zilizobadilishwa zilichapwa upya, na pande zote mbili zikatia paraf chini ya kila moja. Kontra yenyewe inasema, katika artikle ya mwisho, kwamba ile ya Kifaransa ndiyo inahesabiwa. Ndiyo maana tafsiri ya Kiswahili iko na namba zile zile: siku ya ugomvi, mwanamemba ataweka kidole kwenye 7.2 ya Kiswahili, na mnunuzi kwenye 7.2 ya Kifaransa, na watakuwa wanasoma kitu kimoja.