Uburenge: maswali ya kumuuliza daktari wa mifugo

Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, umuganda ukimalizika, daktari wa mifugo wa sekta yetu atazungumza na wafugaji kuhusu ugonjwa wa miguu na midomo, ule ambao hapa Gisenyi tunauita uburenge. Majirani wamenitwika kazi ya kuandika maswali kwa sababu mimi ni mwalimu. Mikutano ya namna hii nimehudhuria mingi. Daktari anasema chanjeni, watu wanapiga makofi, kisha kila mmoja anarudi nyumbani na swali lake moyoni. Safari hii tumekubaliana kuuliza.

Sisi tunakaa njiani. Juu yetu ni malisho ya Gishwati, ng'ambo ni milima ya Masisi, na katikati ni Goma, mji unaotaka nyama na maziwa kila siku. Mwaka 1994 na miaka iliyofuata, wengi wetu tuliorudi kutoka Masisi tulirudi na ng'ombe, tukawaingiza Gishwati. Udugu haukukatika pale mpakani, na biashara pia haikukatika. Kwa hiyo swali letu la kwanza linahusu siku, maana mfanyabiashara huhesabu siku kama anavyohesabu faranga.

Ng'ombe aliyechanjwa leo, lini anaweza kuingia sokoni bila hofu? Wengi hudhani akishachomwa sindano asubuhi, jioni amekingwa. Sivyo. Mwili wake unahitaji kama wiki mbili kujijengea kinga, na ng'ombe anayechanjwa kwa mara ya kwanza anahitaji sindano ya pili baada ya mwezi mmoja hivi. Hata hapo kinga haidumu mwaka. Baada ya miezi sita hivi hurudiwa. Mchuuzi anayenunua dume Jumatatu, akamchanja Jumanne, akampeleka mnadani Jumatano, amepata alama ya sindano tu. Ikiwa dume huyo alikuwa ameshaambukizwa, sindano haimponyi, naye atawaambukiza wenzake ndani ya lori.

Swali la pili: chanjo hiyo ni ya aina gani ya virusi? Virusi vya uburenge viko vya aina saba, ingawa mojawapo haijaonekana popote duniani tangu mwaka 2004. Kukingwa na aina moja hakumkingi mnyama na nyingine, na hapa Afrika Mashariki zinazunguka zaidi ya moja. Ndiyo maana mfugaji huapa kwamba alichanja na bado ng'ombe wake wakaugua. Pengine hasemi uongo. Pengine pia chanjo iliharibika njiani, kwani inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za joto. Jua huiua, na barafu ikiigandisha huiua vilevile. Tutamwomba daktari atuonyeshe kisanduku chake. Si kumdharau, hata muuza samaki tunamwomba afungue ndoo.

Sasa niwape mfano tutakaomtaka aufanye mbele yetu, maana ndani yake kuna mambo yote matatu: chanjo, safari ya mnyama na mfuko wa mfugaji mdogo.

Mama mmoja ana ng'ombe wa Girinka, mpango ulioanza mwaka 2006. Anakamua lita 10 kwa siku. Mbili wanakunywa watoto, nane zinakwenda kituo cha kukusanyia maziwa. Jirani yake ananunua dume mnadani na kumfunga kwenye ua wa pamoja. Siku ya tisa, ng'ombe wa yule mama anatoa udenda mwingi, anachechemea, hataki kula. Wakimfungua mdomo wanakuta malengelenge kwenye ulimi yameshapasuka, yameacha vidonda vyekundu.

Vidonda hivyo ni kama kalenda. Lengelenge ambalo halijapasuka lina siku moja au mbili. Kidonda chekundu chenye kingo kali kina kama siku tatu. Baada ya wiki kingo zimeanza kufutika, na baada ya siku kumi hivi linabaki kovu. Tuseme vidonda hivi vina siku tatu. Tangu maambukizi hadi dalili ya kwanza hupita siku 2 hadi 14. Kwa hiyo aliambukizwa kati ya siku ya 5 na ya 17 zilizopita, na dume la jirani limefika siku 9 zilizopita. Hilo halimtii dume hatiani peke yake, lakini linatuambia pa kuanzia: lilitoka mnada gani, lilipanda lori na nani, na nani mwingine alinunua siku ile. Hapo ndipo kibali cha kuhamisha mifugo kinapoonyesha kazi yake. Bila karatasi ile, uchunguzi unaishia kwenye ua wa yule mama.

Kuna jambo gumu zaidi. Virusi hutoka kwenye maziwa siku kadhaa kabla ya dalili kuonekana. Maana yake madumu yake yamekwisha kufika kituoni, na viatu vya mbeba maziwa vimekwisha kuingia nyua kumi. Mbuzi nao hupata uburenge kwa siri. Hawachechemei sana, wala hawatoi udenda wa kumshtua mtu, na mbuzi ndio wanaotembea zaidi kuelekea mpakani. Tutauliza kwa nini macho yote huwa kwenye ng'ombe.

Sasa hesabu. Tukiweka lita moja faranga 400, yule mama hupata faranga 3,200 kwa siku. Sekta ikifungwa wiki sita, amepoteza faranga 134,400, na ng'ombe wake huenda asirudi kwenye lita zake za zamani hata akipona. Ndama akiwa mchanga anaweza kufa ghafla, kwa kuwa virusi hushika moyo. Na ndama jike wa kwanza wa Girinka hapaswi kubaki nyumbani, anasubiriwa na jirani mwingine maskini. Hiyo nayo ni safari ya mnyama, na tutauliza nani anamkagua ndama huyo kabla hajakabidhiwa.

Tumtazame na jirani wa tatu, mwenye ng'ombe mzima. Hakuugua mnyama wake hata mmoja, lakini mnada umefungwa na dume alilolitunza kwa ada ya shule limebaki zizini. Naye anaingia hasara. Kwa hiyo mtu anayeona udenda asubuhi anajua kwamba akisema, kijiji kizima kitamnunia. Akinyamaza na kuuza usiku, atapata angalau nusu ya bei. Faida ya kunyamaza ni yake, hasara inagawanywa kwa wote. Mimi sidhani mahubiri yatabadilisha hesabu hiyo.

Ndiyo maana swali letu la mwisho tumeliandika kwa herufi kubwa. Mzee mmoja wa Rugerero ndiye aliyelitunga, tena alitaka alisome mwenyewe mbele ya mkutano: "Daktari, nikikupigia simu siku ile ile ninapoona udenda, utafunga vijiji vingapi, kwa siku ngapi, na maziwa ya ng'ombe wangu wazima nitayapeleka wapi siku hizo?"