Droo Ikipungua Shilingi 90,000

Wengi wanaoitwa kwenye usaili wa kazi ya ukeshia benki hujiandaa kueleza jinsi walivyo waaminifu. Msaili mzoefu huwatega kwa tukio: "Jioni unafunga hesabu, droo imepungua shilingi 90,000. Utafanya nini?"

Anayejibu kwamba atajazia kutoka mfukoni mwake amejiharibia. Kwa benki, huko ni kuficha kosa. Hesabu italingana, lakini muamala wenye kasoro utabaki ndani yake, na pengine kuna mteja aliyelipwa zaidi.

Jibu zuri lina mpangilio. Keshia anamjulisha msimamizi, anahesabu upya noti za kila thamani, hata mabunda aliyoyafunga mwenyewe, kisha analinganisha fomu za wateja na miamala iliyomo kwenye mfumo. Hapa mbinu moja ya wahasibu humsaidia: tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, huenda tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Tuseme mteja amelipwa 540,000, lakini mfumoni imeingizwa 450,000. Tofauti ni 90,000. Mbinu hiyo si ushahidi, maana noti tisa za 10,000 zilizozidishwa kwa mteja zingeleta upungufu uleule. Chanzo kisipopatikana, upungufu huandikwa rasmi siku hiyohiyo.

Swali la utapeli nalo huja kama kisa. Mzee anataka kutoa akiba yake yote. Kijana aliyefuatana naye ndiye anayejibu kila swali na kuhimiza haraka. Msailiwa makini hamshutumu mtu mbele ya foleni. Anamuomba mzee waongee faraghani, anamuuliza yeye mwenyewe pesa ni za nini, anakagua kitambulisho na saini, kisha anamwita msimamizi kabla ya kulipa. Mzee akitoka hapo na akiba yake salama, atarudi benki hiyo.

Kwa afisa mikopo, kipimo ni mfanyabiashara. Mwenye duka anauza shilingi 200,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi: jumla 5,200,000. Wasailiwa wengine hukopesha kwa kutazama mauzo hayo. Lakini bidhaa zenyewe zimenunuliwa kwa 4,160,000, pango na gharama nyingine za duka ni 300,000, na matumizi ya nyumbani 400,000. Kinachobaki ni 340,000. Rejesho la 320,000 kwa mwezi litamwachia 20,000 tu, na wiki moja ya ugonjwa inatosha kumchelewesha. Afisa anayejua kazi atapendekeza mkopo mdogo zaidi, atakagua kama mteja ana madeni kwingine, na atamtajia jumla yote atakayorejesha kabla hajasaini. Marejesho hayapokei mkononi.

Unayesubiri kuitwa, chukua kalamu ukokotoe visa hivi mwenyewe, kisha ueleze kwa sauti kila hatua na sababu yake. Hicho ndicho wasaili watakachokuuliza.