Rizista Ikae Mlangoni

Swichi ya sumaku ni vibamba viwili vya chuma ndani ya kibomba cha kioo. Mlango ukifungwa, sumaku iliyo kwenye ubao wake huvigusanisha na umeme hupita. Ukifunguliwa, vinaachana na king'ora kinalia. Udhaifu ni kwamba mwizi akizichuna nyaya mbili na kuziunganisha kabla ya kufungua, king'ora kitadhani mlango ungali umefungwa.

Dawa ni rizista mbili za omu 4,700. Moja hufungwa kwa kufuatana na swichi, ya pili huruka juu ya swichi yenyewe. Tuseme boksi la king'ora linalisha waya kwa volti 12 kupitia rizista nyingine kama hizo. Mlango ukiwa umefungwa, boksi husoma volti 6. Ukifunguliwa, husoma 8. Waya ukikatwa zinapanda hadi 12, na nyaya zikigusanishwa zinashuka hadi sifuri. Hali hizo mbili za mwisho zinapaswa kulia hata mchana, king'ora kikiwa kimezimwa.

Kosa la mafundi wavivu ni kuzifunga rizista ndani ya boksi, kwa kuwa huko ni rahisi kufika. Hapo hazilindi chochote. Kupima ni rahisi: chomoa nyaya kwenye boksi, gusanisha ncha zake za mlangoni, kisha weka mita kwenye ncha za boksini. Rizista zikiwa mlangoni nyuma ya fremu, gusanisha waya kabla ya kuzifikia. Mita isome karibu sifuri.