Barua ya kurusha droni kijijini: afisa wa wilaya anataka kujua nini

Anayetaka kupiga picha za ramani kwa droni juu ya kijiji cha Tanzania Bara hupiga hodi katika ofisi mbili. Anga iko mikononi mwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, yaani TCAA, na kibali chake huenda pamoja na idhini ya upande wa ulinzi. Ofisi ya wilaya haitoi ruhusa ya kuruka. Yenyewe inahusika na uwanja wa kupaa na kutua, na watu watakaopitiwa juu ya vichwa vyao, pamoja na utulivu wa eneo, kwa kuwa Mkuu wa Wilaya ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Wilaya. Barua iliyojaa sifa za kamera humwacha afisa na maswali yake yaleyale: kikianguka je? Nani anapigwa picha? Wananchi wanajua?

Tuchukue mfano. Kijiji kinaandaa mpango wa matumizi ya ardhi, na kampuni ya upimaji imepewa kazi ya kupiga picha eneo la makazi lenye urefu wa kilomita mbili na upana wa kilomita moja. Droni ni ya panga nne, ina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Barua inaelekezwa kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, nakala kwa Mkuu wa Wilaya, Mkuu wa Polisi wa Wilaya, Mtendaji wa Kata na Mtendaji wa Kijiji. Inaanza hivi:

*YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA KUPIGA PICHA ZA RAMANI KWA DRONI KIJIJINI*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunaomba kibali cha kurusha droni katika eneo la makazi ya kijiji kwa asubuhi mbili, kuanzia saa tatu hadi saa tano na nusu. Kibali cha TCAA, cheti cha rubani, bima ya madhara kwa watu wengine na muhtasari wa mkutano wa kijiji vimeambatanishwa.*

Saa hizo zina sababu, na barua nzuri huitaja. Mapema zaidi, vivuli vya miti na nyumba huwa virefu na kuficha mipaka. Mchana ukikomaa, upepo huongezeka, na droni ndogo inayopambana na upepo humaliza betri kabla ya wakati. Barua itaje pia kikomo chenyewe: upepo ukizidi mita nane kwa sekunde, hakuna kuruka siku hiyo.

Kisha inakuja hesabu. Droni itaruka mita 100 juu ya ardhi. Katika kimo hicho, kamera ya kawaida ya kazi hii hukamata eneo la mita 150 kwa 100 katika kila picha, na kila nukta ya picha huwa na upana wa karibu sentimita tatu ardhini. Ili picha ziunganike kuwa ramani, lazima zipishane sana: mistari ya safari inaachana mita 45 tu, na picha inapigwa kila baada ya mita 20. Eneo linagawanywa katika vipande vinne, na rubani anasimama katikati ya kila kimoja ili droni isizidi mita 600 kutoka machoni pake. Kila kipande kinahitaji safari mbili za betri, na picha zote zitafika takriban 2,400. Afisa akisoma hivyo anaelewa kwa nini sauti itasikika ikienda na kurudi juu ya paa zilezile, na anaweza kumweleza mwananchi atakayepiga simu.

Sehemu inayosomwa kwa makini zaidi ni ile ya kuanguka. Panga zikizima ghafla katika kimo cha mita 100, chombo kinafika chini kwa sekunde nne na nusu hivi. Kikiwa kwenye mwendo wa mita nane kwa sekunde, kitakuwa kimesogea mbele karibu mita 36, na upepo unaweza kukisukuma zaidi. Kilo moja na nusu kutoka kimo hicho yaweza kumuua mtu. Ndiyo maana wapimaji waangalifu huweka umbali wa pembeni usiopungua kimo cha kuruka: mita 100 juu, mita 100 kutoka kwenye mkusanyiko wa watu. Lakini shule nayo lazima ionekane kwenye ramani. Barua inatatua hilo kwa ratiba:

*Mistari inayopita karibu na shule itarushwa Jumamosi wanafunzi wakiwa nyumbani. Eneo la gulio halitarukiwa siku ya gulio, wala eneo la msikiti siku ya Ijumaa.*

Hatari nyingine haionekani kwa urahisi. Droni ikipoteza mawasiliano na rubani, hupanda au kubaki kwenye kimo kilichowekwa awali, kisha hurudi moja kwa moja ilipopaa. Kimo hicho kikiwa mita 30 na katikati ya njia kuna mnara wa simu wa mita 45, chombo kinaweza kuugonga mnara. Kwa hiyo barua iseme kwamba timu imetembea kijijini, imepima mnara na miti mirefu, na kimo cha kurudia kimewekwa kuwa mita 100. Iseme pia kwamba hakuna kupaa karibu na mabati au juu ya zege lenye nondo, kwa sababu chuma huvuruga dira ya droni. Dalili yake huonekana mara tu baada ya kupaa: chombo huanza kuzunguka badala ya kutulia hewani, na hapo rubani hukishusha mara moja. Mwewe wakikishambulia, hukipandisha juu haraka kisha hukiondoa eneo hilo.

Faragha inataka ukweli kuliko ahadi. Kwa nukta za sentimita tatu, kichwa cha mtu huwa na upana wa nukta chache tu. Sura haitambuliki. Lakini vijijini mabafu mengi hayana paa, na mwili wa mtu anayeoga utaonekana kuwa mwili wa mtu. Kusema kwamba picha hazionyeshi watu ni uongo, na mtendaji wa kijiji anajua. Barua ieleze kwamba tangazo litapigwa jioni ya kuamkia kila safari, likitaja vitongoji na saa, na kwamba picha zitakazoonyesha watu faraghani zitafutwa kabla ya ramani kukabidhiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa afisa sababu ya kudai hilo kwa maandishi.

Hofu kubwa zaidi, hata hivyo, mara nyingi si ya kuanguka wala ya picha. Ni ya ardhi. Kijiji kinachopakana na hifadhi au shamba la mwekezaji kikiona chombo angani, wengi hudhani mpaka unasogezwa. Muhtasari wa mkutano wa kijiji, wenye saini na mahudhurio, unaonyesha kwamba wananchi walielezwa picha ni za kazi gani na nani atazihifadhi. Unaandikwa kabla ya barua kutumwa, na kuukosa kunaweza kurudisha maombi yaliyokamilika kwa kila kitu kingine.

Mwisho, barua itaje nani anaweza kusimamisha kazi:

*Mtendaji wa Kijiji au mwakilishi wake atakuwa pamoja na rubani muda wote. Akisema isimame, droni itakuwa imetua ndani ya dakika mbili.*

Dakika hizo mbili zinathibitika kwa hesabu: mita 600 kwa mwendo wa mita nane kwa sekunde ni sekunde 75, na kushuka mita 100 kwa mita tatu kwa sekunde ni sekunde 33. Ahadi ya namna hiyo afisa anaweza kuijaribu siku ya kwanza, kwa kumwambia rubani asimamishe na kutazama saa.